Usitume hiyo CV mkuu, mimi iliniaibisha mbele ya watu watatu

*"Wakuu, nina mwaka mmoja na nusu mapokezi hotelini, tangazo linataka miaka mitatu. Nimeipa chatboti CV yangu pamoja na tangazo, nikaiambia ivifananishe. Imetoka CV kali mno, inasema nina miaka mitatu! Nitume hivi hivi? Barua ya maombi iwe kurasa ngapi? Na toleo la bure linatosha?"*

Usitume. Simama hapo hapo.

Mimi nilikuwa stoo ya vifaa vya ujenzi, nondo, mabati na saruji, miaka miwili. Kuna jamaa kwenye kundi la WhatsApp alikuwa anauza "maneno ya siri ya kuita usaili" kwa shilingi 5,000. Nikalipa, nikatumiwa sentensi moja: eti bandika CV, bandika tangazo, iambie ifanye vifanane asilimia mia na iongeze mafanikio yenye namba. Elfu tano yangu ile! Hata chipsi mayai ingenifaa zaidi.

Sasa fikiria unachoiomba. Tangazo linataka SAP, ile programu ya kampuni ya kuendeshea stoo na hesabu, CV yako haina SAP, na umeagiza vifanane. Itafanyaje? Inachukua mahitaji ya mwajiri na kuyageuza historia yako. Ukidai namba na hukutoa hata moja, itakupa za kwake. Yangu ilirudi na Kiingereza cha kanzu na koti: nimesimamia watu 8, nimepunguza upotevu wa mali kwa asilimia 35, nina uzoefu wa SAP. Watu 8 wenyewe ni mimi na kijana mmoja wa kubeba mifuko. Nilisoma, nikajipenda, nikatuma.

Usaili nikaitwa, hapo jamaa hakudanganya. Mama mmoja akaiweka CV yangu mezani, kidole kwenye ile 35. "Upotevu ulikuwa kiasi gani kabla, na ukashuka hadi ngapi?" Nikameza mate. Akahamia SAP: "Mzigo ukifika, kwenye MIGO unaanza na nini?" Ndugu zangu, MIGO ndiyo skrini ya kupokelea bidhaa humo. Mimi nilidhani amekosea kutamka mizigo, nikajibu, "Tunaanza na ile mizito." Mzee wa pembeni akavua miwani. Baada ya hapo hata kazi niliyoifanya kweli hawakuiuliza.

Kinachoniuma ni kwamba kuhesabu stoo nilikuwa nakujua. Ningeandika ukweli ningekuwa na cha kuongea.

Siku hizi tangazo silibandiki kabisa mwanzoni. Naandika kwanza kwa Kiswahili changu cha kawaida nilichofanya, kama namsimulia shemeji, bila namba ya NIDA wala simu. Kisha naweka hii:

```
Boresha lugha na mpangilio tu.
Usiongeze namba, cheo, programu wala jukumu
lisilomo kwenye maelezo yangu.
Usigeuze "nilisaidia" kuwa "nilisimamia".
Palipo na pengo andika [NIULIZE].
Chini ya kila mstari, nukuu sentensi yangu uliyoitumia.
```

Mstari wa mwisho ndio wenye kazi. Mimi niliandika: "kila Ijumaa nahesabu nondo, mabati na saruji, naangalia leja na Excel, zikipishana namwambia bosi." Ikarudisha: "Nilihesabu akiba ya nondo, mabati na saruji kila wiki, nikailinganisha na leja na Excel, na kuondoa tofauti zilizojitokeza." Nzuri, ila tazama mwisho. Mimi sikuondoa tofauti yoyote, nilimwambia bosi! Nikarudisha "na kuripoti tofauti kwa meneja". Uongo wake mwingi unajificha kwenye vitenzi hivyo vidogo. Zile asilimia angalau zinaonekana.

Na hizo nukuu usiziamini kwa macho, maana nazo inaweza kuzibuni. Ichukue nukuu, bonyeza Ctrl+F kwenye maelezo yako ya awali. Haipo? Mstari unafutwa hata kama ni mtamu vipi. Usiiambie "boresha tena, boresha tena" mara kumi pia. Kila mzunguko inakupandisha cheo kidogo, ukija kushtuka wewe ni meneja. Ikianza hivyo, fungua mazungumzo mapya na uanze na maelezo yako ya mwanzo.

Tangazo nalileta mwisho, na swali ni moja tu: kati ya haya niliyoyafanya kweli, yapi yapande juu? Ya SAP nimeyaacha wazi, Excel naijua na ndiyo nimeiandika.

Wewe wa mapokezi, hiyo miaka mitatu imetoka wapi? Ni ya kwako au ya tangazo? Kabla ya kutuma chochote nenda kairudishe mwaka mmoja na nusu, halafu bandika hapa mistari mingine tuitazame.