Ripoti ya wadaiwa wa fenicha: usiipange kwa ukubwa wa deni

Juzi dada mmoja anayeuza fenicha Mwanza kanitumia meseji, ana wateja wa kulipa kidogo kidogo, kila wiki anatoa ripoti ya wadaiwa na bado hela hairudi, anapiga simu mpaka sauti inakauka. Nikamwambia nitumie hiyo ripoti niione. Kuifungua tu nikajua. Kaipanga kwa deni lililobaki, anayedaiwa nyingi yuko juu kabisa. Ndo ripoti ileile niliyoikuta kwenye duka nililofanyia kazi Keko, na nilipoibadilisha nikaambiwa najifanya msomi. Sijasahau, ila leo tuiache.

Deni lililobaki ni moja, deni lililochelewa ni lingine kabisa. Chukua wateja watatu, leo ni tarehe 10 Juni na wote marejesho yao ni tarehe 28. Wa kwanza kachukua kitanda na kabati, kianzio katoa, zikabaki 1,800,000 za kulipa 300,000 kwa mwezi kuanzia 28 Mei. Hiyo ya Mei kalipa yote. Anadaiwa 1,500,000 ila hajachelewa hata shilingi, na ndo wa kwanza kupigiwa simu kwenye ripoti ya dada yetu! Mtu analipa vizuri unamsumbua, kesho anaenda kununua kwa jirani.

Wa pili ana sofa, alibakiza 1,000,000 ya kulipa 200,000 kwa mwezi kuanzia 28 Februari. Mpaka leo yamefika marejesho manne, yaani 800,000, yeye kalipa 500,000. Kachelewa 300,000. Sasa siku za kuchelewa unahesabu kuanzia wapi? Wengi wanahesabu toka siku aliyolipa mwisho, na hapo ndo wajanja wanapopitia, maana anatuma elfu kumi leo na anaonekana mzima. Hesabu toka rejesho la zamani ambalo halijatimia. Laki tano inamaliza Februari na Machi, ya Aprili imeingia nusu, kwahiyo anahesabiwa toka 28 Aprili, siku 43.

Wa tatu ana meza ya tivii, imebaki 150,000 tu, ndo rejesho lake la mwisho, na alitakiwa kulilipa 28 Februari. Siku 102! Kwenye ripoti ya zamani yuko chini kabisa, hakuna anayefika huko, na kila wiki inayopita anazidi kuamini kwamba mmesamehe.

Kwenye Excel weka tarehe ya rejesho la kwanza kwenye C, kiasi cha rejesho kwenye D, jumla aliyolipa bila kianzio kwenye E, halafu:

```
=DAYS(TODAY(),EDATE(C2,INT(E2/D2)))
```

Ikija namba hasi au sifuri huyo hajachelewa, muache apumzike. Aliyemaliza deni mtoe kwenye orodha, la sivyo fomula itaendelea kumhesabia kama mdaiwa. Na fomula hii inafanya kazi kama rejesho ni la kila mwezi na kiasi ni kilekile, wale wa kulipa wanapovuna pamba wawekee orodha yao. Ukishapata siku, panga kuanzia nyingi kwenda chache, kisha weka makundi: mpaka 30, 31 hadi 60, 61 hadi 90, zaidi ya 90. Wa kundi la kwanza meseji inatosha, mara nyingi mshahara tu umechelewa. Kuanzia 31 piga simu. Zaidi ya 90 mfuate nyumbani ukiwa na mkataba, na usiende na gari la kubebea vitu kama mkataba hauruhusu kuchukua mali, utajitafutia kesi.

Kinachoharibu ripoti nzuri ni hela zinazoingia kwa jina lingine. Mkataba ni wa baba, rejesho linatumwa na mke au shemeji kwa simu yake, linakaa kwenye lipa namba halina mwenyewe huku baba wa watu anaitwa mdaiwa sugu. Mimi kabla ya kuprinti lazima nimalize kwanza hela zisizo na jina, na kwenye mkataba naandika namba mbili za simu zitakazokuwa zinalipa. Watu wa duka hawapendi hii kazi kwasababu haionekani, wanapenda kupiga simu za ukali, na mkishaomba radhi mara tatu kwa mtu aliyelipa msishangae wa nne akiwazimia simu.

Ongeza safu moja ya ahadi: kaahidi shilingi ngapi, tarehe ngapi. Usiandike "atalipa wiki ijayo", wiki ijayo haina tarehe. Na wewe dada, ile tabia ya kutupia orodha nzima yenye majina na namba kwenye grupu la wasap iache leo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na tena kwenye ile uliyonitumia nimeona wanne hawajachelewa kabisa.