Printa inasema wino umeisha na bado inaprinti fresh

"Wakuu, Canon PIXMA yangu inaonyesha 1688, eti wino mweusi umeisha, ila karatasi zinatoka safi kabisa. Nikiilazimisha nitaua mashine?"

Mkuu, printa nyingi hazichungulii ndani ya katriji, zinahesabu tu matone yaliyorushwa na kukadiria, ndo maana kuna kiasi kinabaki, na kama uliijaza kwa sindano basi hesabu ndo haina maana kabisa. Bonyeza kitufe cha Stop ukishikilie sekunde 5 au zaidi, itaendelea, ila jua kuanzia hapo haitakuonya tena kuhusu hiyo katriji mpaka uweke mpya.

Hatari yenyewe iko kwenye hedi, ile sehemu inayorusha wino kwenye karatasi. Canon inachemsha wino ili urushwe, na huo huo wino ndo unaopooza vile vihita vidogo, sasa ukiisha kweli na wewe unaendelea kuprinti vinaungua, na hedi iliyoungua hata uisafishe vipi hairudi. Kwa hiyo angalia yako ni ya aina gani. Kama inatumia PG-445, hedi iko kwenye katriji yenyewe, ukiiunguza unanunua katriji basi, japo kama huwa unajaza umeshaipoteza. Kama wino uko kwenye vitangi tofauti, hedi imebaki kwenye mashine na bei yake inaweza kukaribia printa nzima, hapo mimi singelazimisha.

Ukiona mistari myeupe au maandishi yanafifia, katisha kazi hapo hapo, tena usikimbilie cleaning, maana inanyonya tone la mwisho lililobaki.