Asaimenti ya hati ya madai na utetezi: deni la saruji

Nimekuwa nikiwasomea madogo wa sheria drafti zao kabla hawajakabidhi, na hii ya deni lenye ubishi ndo inawaliza wengi. Tuchukue fakti za kubuni, Tanzania. Mdai anasema tarehe 3 Machi 2023 alimkabidhi mdaiwa mifuko 3,000 ya saruji kwa 16,000 kila mmoja, jumla milioni 48, malipo ndani ya siku 30, akalipwa milioni 10 tu. Mdaiwa naye anasema mifuko 600 ilikuwa imeganda, akairudisha siku ileile.

Kwenye hati ya madai, usirundike makabidhiano, bei na malipo kwenye aya moja. Makabidhiano aya yake, bei na muda wa kulipa aya yake, kilicholipwa na kinachobaki, yaani milioni 38, aya yake. Ukichanganya, mwenzio anakana aya nzima na hujui amekana kipi. Tarehe deni lilipoiva iandike, maana miaka 6 ya ukomo kwa mkataba inahesabiwa kuanzia pale, halafu weka aya ya mamlaka ya mahakama na thamani ya madai, ndo uende kwenye nafuu unazoomba na uthibitisho. Ushahidi usiusimulie, andika fakti.

Sasa utetezi. Wengi wanaandika "Mdaiwa anakana aya ya 5, Mdai atatakiwa kuthibitisha kikamilifu" kisha wanarudia hivyo hadi mwisho. Amri ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai inataka ukane fakti moja moja, na fakti isiyokanwa waziwazi, au kwa kilicho lazima kueleweka kwenye maelezo yako, inahesabiwa umeikubali. Hata "sikupokea mifuko 3,000" ni kukwepa, maana mtu atauliza ulipokea mingapi basi? Andika hivi: "Mdaiwa alipokea mifuko 3,000, lakini siku hiyohiyo alirudisha mifuko 600 iliyoganda, na Mdai akaipokea."

Hapo ndo pa kuwa makini. Mifuko 600 ni milioni 9.6, toa kwenye 38 inabaki milioni 28.4, na kama hukuigusa hiyo, umekubali kuwa unadaiwa, kwa hiyo mdai anaweza kuomba hukumu ya kukiri kwa kiasi hicho kabla hata shahidi hajaitwa, mmebaki kubishania 9.6 tu. Kwa hiyo kabla hujaandika muulize mteja wako wa kubuni kuhusu hiyo 28.4: alilipa kwa njia nyingine, kuna hasara saruji mbovu ilimsababishia kwenye ujenzi? Kama ipo, ni madai kinzani, yaandike sehemu yake na kiasi chake, usiyafiche ndani ya kukana. Kama hakuna, mwambie ukweli na ukubali kiasi hicho kwenye utetezi, mwalimu anayesahihisha ataona umejua kesi iko wapi.

Na siku 21 za kuwasilisha utetezi tangu kupokea samansi, zihesabu mapema.