Hesabu ya gochara ianzie kwenye Mwezi upi?

Katika unajimu wa Kihindi, gochara ni usomaji wa mapito ya sayari, na hesabu yake huanzia kwenye buruji ambamo Mwezi ulikuwamo mtu alipozaliwa. Haianzii kwenye buruji ya Jua, wala kwenye nyota ambayo wengi wetu wa pwani tumepewa kwa kujumlisha abjadi za jina letu na la mama. Nililijua hilo na bado nilikosea, kwa sababu Mwezi wangu niliutoa kwenye chati ya Kimagharibi.

Chati hiyo iliuweka Mwezi kwenye nyuzi 12 za Samaki. Nilizaliwa mwaka 1984, hivyo ilinipasa nipunguze nyuzi 23 na nusu hivi, tofauti iitwayo ayanamsha, kwa kuwa Wahindi hupima buruji kwa nyota zenyewe, ilhali Wamagharibi huanzia mahali Jua linapokuwa siku ya ikwinoksi ya Machi. Ukipunguza, Mwezi unarudi kwenye Ndoo, kati ya nyuzi 18 na 19. Kila Mwezi wa Kimagharibi ulio chini ya nyuzi 23 hivi huhama buruji namna hiyo, kwa hiyo kabla ya kuhesabu hakikisha programu yako imewekwa kwenye Lahiri, ayanamsha itumiwayo zaidi na Wahindi.

Mshtarii aliingia Mapacha tarehe 14 Mei 2025. Buruji ya kuanzia huhesabiwa kuwa ya kwanza, basi kutoka Samaki nilipata ya nne, ambayo si njema, nikaahirisha kuomba nafasi ya masomo. Kutoka Ndoo, Mapacha ni ya tano, nayo ni miongoni mwa nafasi njema za Mshtarii, pamoja na ya pili, ya saba, ya tisa na ya kumi na moja. Tena ya tano ndiyo nyumba ya elimu. Ninalijutia hilo mpaka leo.

Kwa Zohali, ambaye ni mwema katika ya tatu, ya sita na ya kumi na moja tu, kosa lilinitia hofu isiyo mahali pake. Alipoingia Samaki mwezi Machi 2025 nilidhani amekanyaga Mwezi wangu, yaani katikati ya sade sati, ile miaka saba na nusu ya kupita buruji ya kumi na mbili, ya kwanza na ya pili. Kumbe yangu ilianza Januari 2020, alipoingia Mbuzi, na Samaki ni sehemu ya mwisho. Ataingia Kondoo Juni 2027, ingawa baadaye mwaka huo atarudi Samaki kwa miezi michache, kwa hiyo nisihesabu nimetoka mapema.

Hata hesabu sahihi huzuiwa na vedha. Mshtarii akiwa katika ya tano, sayari iliyo katika ya nne humzibia. Mwaka 2025 Jua lilikuwa Ng'ombe, ya nne yangu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, basi wema wa Mshtarii ulikuwa wa kutazamiwa baada ya hapo.