Mfuko mmoja wa simiti hutoa bloku ngapi?

Kwa bloku ya inchi sita isiyo na matundu, yaani milimita 400 kwa 200 kwa 150, mfuko wa kilo 50 ukichanganywa moja kwa nane hutoa bloku 18 au 19. Ukisikia fundi akikuahidi 40, usifurahi kabla ya kumuuliza anachanganya vipi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mfuko mmoja wa simiti una ujazo wa lita 35 hivi. Moja kwa nane maana yake ni masanduku nane ya lita 35 ya vumbi la kwari na kokoto, jumla lita 280. Ukijumlisha na simiti unapata lita 315 za mchanganyiko mkavu uliolegea. Ukitia maji na mashine ikaushindilia, chembe ndogo huingia katikati ya kubwa, na kinachobaki ni kama asilimia 72, yaani lita 225 hivi. Bloku moja ni lita 12. Gawanya, utapata karibu 19, na moja ikivunjika wakati wa kutolewa zinabaki 18.

Sasa rudi kwa zile 40. Ili zipatikane, mfuko huo ungehitaji kuchanganywa takriban moja kwa kumi na nane. Bloku hiyo ukiikwaruza kwa msumari inatoa unga, na pembe zake zinabaki kwenye lori. Moja kwa sita, kwa upande mwingine, hutoa 14 tu: ni imara zaidi, lakini kwa ukuta wa kawaida wa nyumba isiyo ya ghorofa unalipia simiti ambayo ukuta hauihitaji. Tungebaki kwenye moja kwa nane.

Kabla ya kuagiza chochote, pima kalibu ya mashine kwa ndani. Nyingi zinazoitwa za inchi sita ni 390 kwa 190 kwa 140, na hapo bloku ni lita 10.4, kwa hiyo mfuko uleule unafika 21. Kwa bloku yenye matundu, jaza kalibu mchanga mkavu huku vyuma vya matundu vikiwa ndani, kisha umwage mchanga huo kwenye ndoo yenye alama za lita. Lita utakazosoma ndizo za kugawia 225.

Kwa ile nane, weka masanduku matano ya vumbi la kwari na matatu ya kokoto ndogo, zisizozidi milimita 10. Sanduku litengenezwe kwa mbao, ndani likiwa sentimita 35 kwa 33 kwa 30, na lisawazishwe juu kwa ubao. Wilibaro haifai kupimia, kwa sababu kila kijana hujaza kilima chake. Simiti nayo isipimwe kwa sanduku hata kidogo, maana ikimwagwa hufura na sanduku linadanganya. Tumia mfuko mzima kwa kila mchanganyiko, uzito wake unajulikana.

Kuna jambo linalowachanganya wengi msimu wa mvua za masika: vumbi au mchanga wenye unyevu hufura, hata kwa robo ya ujazo wake. Sanduku limejaa, lakini ndani mna chembe chache kuliko ukidhani. Bloku zikipungua ghafla kutoka 19 hadi 16 bila mtu kubadilisha vipimo, angalia hapo kabla ya kumshuku mtu wizi wa simiti. Funika lundo kwa nailoni.

Changanya vumbi na simiti vikiwa vikavu, ugeuze kwa sepetu mara tatu hadi rangi iwe moja, ndipo uongeze kokoto. Maji yanyunyizwe kidogo kidogo, lita 20 hadi 25 ikiwa malighafi ni kavu. Finyanga konzi moja mkononi: ikishikamana bila kuchuruza maji kati ya vidole, iko sawa. Ikiwa kavu mno, bloku hutoka na vishimo ubavuni na kumomonyoka pembeni. Ikiwa na maji mengi, hung'ang'ania kalibu na kuvimba chini ikishawekwa. Mchanganyiko uishe ndani ya saa moja, na uliokwisha kuanza kukaza usiongezwe maji ili ulainike.

Kesho yake asubuhi zimwagilie na uzifunike nailoni, uendelee kwa siku saba angalau, ukimwagilia mara mbili au tatu kwa siku jua la Januari na Februari likiwaka. Zijengee baada ya siku 28.

Chukua moja iliyokauka uipime uzito. Bloku ya lita 12 iliyoshindiliwa vizuri huwa karibu kilo 25. Ikiwa 21, mashine haikutetemeshwa vya kutosha au kalibu haikujazwa, na ukiivunja katikati utayaona matundu ya hewa kati ya kokoto.