Maswali na majibu: Lengo lako halina Jumanne

Mwalimu, Januari niliandika ukutani: "Mwaka huu ninunue overloki na niongeze wateja mara mbili." Sasa ni Juni na kibubuni nina 85,000 tu. Nimekosea wapi? (Fundi cherehani, Mbeya)

Kosa liko kwenye sentensi yenyewe, dada. Isome tena, kisha niambie inakutaka ufanye nini Jumanne saa nne asubuhi. Haisemi kitu. Inaeleza tu mambo yatakavyokuwa ukishafanikiwa, na Jumanne haihusiki. Ndiyo maana unaweza kuitazama kila siku kwa miezi sita, moyo ukakuuma, na mikono ikaendelea na kazi ileile ya mwaka jana.

Kipimo changu ni kimoja. Jirani aliyekaa kibarazani akikutazama wiki nzima, je, ataweza kusema umefanya au hukufanya? "Kuongeza wateja" jirani haoni. "Kuwapigia simu wenye nguo zilizokwisha" anaona.

Katika maelezo yako marefu kuna mambo mawili uliyoyapita haraka, na mimi nimesimama hapo. La kwanza, nguo nyingi zimekwisha lakini zinaning'inia ukutani, wenyewe hawajaja kuzichukua. La pili, advansi ya mteja mpya ndiyo inayonunua uzi na bitana ya nguo ya mteja wa zamani. Basi pesa yako iko kwenye zile hanga, katika salio ambalo halijalipwa. Na kwa kuwa unapokea vitambaa vipya ili upate advansi, nguo za watu zinachelewa, na mteja aliyecheleweshewa nguo ya harusi harudi. Hapo ndipo wateja wanapokwenda, na sentensi yako ya ukutani isingekuonyesha hilo hata ungeiandika kwa wino mwekundu.

Ifute, uandike hivi:

"Jumatatu asubuhi, kabla ya kupokea kitambaa chochote kipya, nakata vitambaa vyote nilivyoahidi kumaliza wiki hii."

"Alhamisi saa kumi jioni, nikiwa dukani, nawapigia simu wenye nguo zilizokwisha, mmoja baada ya mwingine, mpaka orodha iishe."

"Mteja akilipa salio, kabla pesa haijaingia pochini, 3,000 inaingia kibubuni."

Sentensi tatu tu, usiongeze ya nne. Sasa tazama faida nyingine ya kuandika hivi: hesabu inakubali kufanyika. Ukikabidhi nguo 8 kwa wiki, kibubu kinapata 24,000. Overloki uliyoitaja ni 1,200,000, umebakiza 1,115,000, kwa hiyo ni kama wiki 47. Utafika mwakani mwezi wa tano, si Desemba. Ukiweza 5,000 kwa kila salio, ni 40,000 kwa wiki, na wiki 28 hivi zinakufikisha mwisho wa mwaka. Amua sasa, ukiwa na macho mawili wazi. Lengo la Januari lilikufichia hesabu hii kwa miezi sita.

Kila baada ya wiki nne, kaa na daftari uulize maswali mawili kwa mpangilio huu. Je, nilifanya? Kama Alhamisi mbili kati ya nne hukupiga simu, hapo ndipo pa kurekebisha, labda saa kumi una wateja wengi, basi hamishia asubuhi. Kama ulifanya zote nne, uliza: je, imesaidia? Kama ulipiga simu na nguo bado zinaning'inia, basi tatizo ni salio kuwa kubwa mno, na kitendo kipya ni kudai nusu ya bei kabla ya kukata kitambaa. Hayo ni matatizo mawili tofauti na dawa zake ni tofauti. Mwenye lengo la matokeo peke yake huyachanganya, akajiita mvivu wakati njia ndiyo mbovu, au akabadili njia ambayo hajawahi kuifuata hata wiki mbili.

Hukuniuliza, lakini nasema: usikimbilie mkopo wa kausha damu ili uwahi Desemba. Rejesho la kila siku litakula salio zote hizo, na utarudi kwenye mtindo wa kuishi kwa advansi.

Nimeandika nipungue kilo 10 kufikia Desemba. Hilo ni lengo zuri? (Msomaji, Dodoma)

Swali hili limeletwa hapa mara nyingi mno, na ninaomba msome majibu yaliyopita kabla ya kuandika. Si lengo la kufanyia kazi. Mzani unaweza kupanda au kushuka kilo moja au mbili kwa siku kwa sababu ya maji na chumvi tu, kwa hiyo utafurahi na kuvunjika moyo bila sababu. Andika utatembea siku gani, saa ngapi, kutoka wapi mpaka wapi, na usiku utapakua nini kwenye sahani. Mzani upande mara moja kwa wiki, asubuhi ileile.

Mhamasishaji mmoja alitufundisha kuwa Chuo Kikuu cha Yale kilifuatilia wahitimu wa 1953, na asilimia 3 walioandika malengo wakawa na utajiri kuliko asilimia 97 wote waliobaki. Kwa nini wewe unapinga kuandika malengo? (Mwanachuo, Morogoro)

Utafiti huo haupo. Yale wenyewe waliulizwa, wakatafuta, wakasema haukuwahi kufanyika. Inaniuma kwamba vijana bado wanalipa kiingilio kusikiliza habari hii, kisha wanarudi nyumbani na daftari lililojaa nyumba, magari na mamilioni, wakiamini wino umefanya nusu ya kazi.

Na mimi sipingi kuandika. Ninachouliza ni umeandika nini. Kuna utafiti wa kweli uliochapishwa Uingereza mwaka 2002 na Milne, Orbell na Sheeran. Waligawa wanafunzi wa chuo makundi. Kundi moja halikupewa cha kuwahamasisha, la pili lilisoma kuhusu ugonjwa wa moyo na faida ya mazoezi, la tatu lilisoma hayohayo na pia likaandika siku, saa na mahali watakapofanya mazoezi angalau dakika 20 wiki inayofuata. Kundi la kwanza, asilimia 38 walifanya. Waliohamasishwa tu, asilimia 35. Walioandika siku, saa na mahali, asilimia 91.

Linganisha makundi mawili ya kwanza. Hamasa iliwapa nia, lakini nia haikuwafikisha kwenye mazoezi. Mpaka wake nao tuuseme: walikuwa wanafunzi, kitendo kilikuwa kidogo, na muda ulikuwa wiki moja. Usitegemee asilimia 91 kwa jambo la mwaka mzima. Ndiyo sababu nasisitiza kuandika upya kila wiki, Jumapili jioni, ukiwa na ratiba ya wiki hiyo mbele yako, kwa kuwa kuna wiki ya msiba na kuna wiki ya kusafiri.

Nikikosa wiki moja, nianze upya mwezi ujao? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Fanya siku inayofuata iliyoandikwa. Usilipe deni la wiki iliyopita kwa kufanya mara mbili, maana ndiyo njia ya kuchoka na kuacha kabisa.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Ameandika "Divisheni wani" juu ya kitanda, nami nimemwahidi simu akiipata. Itamsaidia? (Mzazi, Tanga)

Sidhani, mzazi mwenzangu, na nina sababu.

Mchumi wa Marekani, Roland Fryer, alijaribu kuwalipa wanafunzi pesa katika miji kadhaa na kuchapisha matokeo mwaka 2011. New York walilipwa kwa alama za mitihani. Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali mafupi kukihusu. New York alama hazikupanda. Dallas uwezo wa kuelewa wanachosoma uliongezeka. Wanafunzi wa New York walipoulizwa wangefanya nini ili wapate pesa zaidi, walizungumzia namna ya kuufanya mtihani, kama kusoma swali vizuri na kukagua majibu, wala si kujisomea zaidi au kumwuliza mwalimu. Pesa waliitaka. Walichokosa ni kujua wafanye nini wiki hii ili waipate.

Binti yako yuko hapohapo. "Divisheni wani" inamtia hofu kila anapolala, na asubuhi haimwambii afungue kitabu gani. Kaeni pamoja na ripoti yake ya mwisho, mchague somo moja linalomwangusha. Tuseme ni hisabati. Karatasi ya ukutani isomeke: "Jumanne na Alhamisi, baada ya kuosha vyombo, kwenye meza ya sebuleni, nafanya maswali 5 ya mitihani iliyopita bila kutazama daftari. Ijumaa mapumziko namwonyesha mwalimu niliyokosa."

Ona kwamba sikuandika "kusoma hisabati." Mtoto anaweza kupitia notsi kwa saa mbili, akaona kila kitu anakijua kwa kuwa majibu yako mbele yake, kisha mtihani ukamkataa. Maswali 5 bila daftari yanamwonyesha kosa Alhamisi, wakati bado linarekebishika.

Ukitaka kumtuza, tuza Jumanne na Alhamisi zilizofanyika, kwa kitu kidogo. Simu kwa mtoto anayekwenda kidato cha nne, mimi ningeiondoa mezani kabisa. Na wewe mzazi una sehemu yako: usimtume dukani saa hiyo, na televisheni ya sebuleni izimwe.

Mimi ni afisa mauzo. Bosi anataka namba ya mwezi tu, hataki hadithi za vitendo. Nifanyeje? (Msomaji, Dar es Salaam)

Bosi ana haki yake. Edwin Locke na Gary Latham walitumia miaka mingi kuonyesha kuwa namba ya wazi na iliyo ngumu huwafanya watu wafanye vizuri zaidi kuliko kuambiwa "jitahidi", mradi kazi yenyewe wanaijua. Kazi ikiwa ngeni na yenye mambo mengi, namba peke yake inaweza kumharibia mtu, kwa sababu anakimbilia kuifikia kabla hajajifunza njia. Kwa hiyo jiulize kwanza: hii ni kazi unayoijua, au umehamishiwa eneo jipya na bidhaa mpya?

Namba mwachie bosi. Daftari lako liandike yaliyo mikononi mwako. "Kuuza katoni 200" hakuko mikononi mwako, kwa kuwa mwenye duka ndiye anayeamua. "Jumatatu na Jumatano natembelea maduka 12 ya njia ya Mbagala, na kila aliyesema 'njoo baadaye' narudi kwake Ijumaa asubuhi" kuko mikononi mwako. Andika pia kila duka lilisema nini, kwa maneno yao.

Lakini jihadhari, maana vitendo navyo huweza kugeuka tiki tupu. Nimeona watu wanaojaza ziara 12 kwa kupitisha kichwa mlangoni na kusalimia. Ukifanya ziara kwa dhati wiki nne na katoni hazitoki, usiongeze ziara. Fungua daftari usome maduka yalisema nini. Kama 9 kati ya 12 wamesema mpinzani anawapa mzigo kwa mkopo wa siku 14, hilo ndilo la kumpelekea bosi, pamoja na namba yake.