Mwalimu wa saa kumi

*Swali la wiki: Walimu, kwa mkutano wa kwanza wa wazazi mwaka huu mlijitambulisha aje, na ni nini kiliwafanya wazazi wawaamini haraka?*

Mimi niko na Gredi ya 4, shule ya serikali hapa Nakuru upande wa Kaptembwo, watoto 47. Kabla niwaambie nilisema nini mwaka huu, wacha niseme vile niliharibu miaka ya nyuma, manake hapo ndipo nilijifunzia.

Nilisimama mbele na shati imepigwa pasi mpaka inakata, nikataja dipuloma yangu, nikataja semina zote za CBC nimehudhuria, nikaongea maono ya darasa, dakika kumi na mbili hivi, nikauliza kuna swali. Kimya. Halafu shosho mmoja amejifunga leso akainua mkono huko nyuma, akasema, "Mwalimu, huyu wangu akishikwa na tumbo saa nne, ni wewe utanipigia ama nitasikia kwa watoto wa jirani?" Nikajibu ofisi itashughulikia. Akamwangalia mwenzake, akaketi. Huo mwaka mzima kila kitu kidogo kilipita kwangu kikaenda moja kwa moja kwa hedi, hata kalamu ikipotea, na ukiona hivyo jua wazazi hawakukuchukua kama mtu wa kuongea naye, hata kama wanakusalimia vizuri getini.

Sasa siku hizi najitambulisha dakika tatu, na nilijipima na simu nyumbani. Nikianza nasema jina, nasema nakaa Rhonda, nasema mtoto wangu yuko Gredi ya 2 kwa hivyo hizo deski ndogo mmekunjia magoti na mimi hukunjia kwa mwalimu wake. Wanacheka kidogo, basi. Masomo yangu sitaji kabisa, mtu akitaka kujua ataniuliza, na hakuna mtu ameshawahi.

Halafu napeleka jibu la shosho kabla mtu aulize. Nasema hivi, karibu neno kwa neno: "Namba yangu iko hapo ubaoni. Mtoto wako akiumia ama akigonjeka nitakupigia mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla afike nyumbani. Wewe ukitaka kunipata, saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu nashika simu, wakati mwingine niko darasani ama niko na watoto wangu, niandikie nitajibu hiyo saa kumi." Huwezi amini ni wazazi wangapi wanatoa simu wanaandika hapo hapo. Hizo saa ni muhimu kuliko namba yenyewe, juu namba bila saa mzazi atapiga saa tatu asubuhi, hutashika, ataamua wewe ni wale wale.

Ya pesa ni sentensi moja tu. Sipokei pesa mkononi, hata ya karatasi, zote zinaenda akaunti ya shule na unapewa risiti. Naona mabega yakishuka.

Lakini kile kimenisaidia zaidi ni kuwaambia habari mbaya mapema. Kwa mpango wa CBC watoto wa Gredi ya 1 mpaka 3 wanafundishwa kwa lugha ya eneo, na hapa mjini Nakuru hiyo ni Kiswahili, halafu wakiingia Gredi ya 4 masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto alikuwa anajua hesabu vizuri sana, sasa swali limeandikwa mistari mitatu ya Kiingereza, anaikosa si kwa sababu ya hesabu ni kwa sababu hajaelewa ameulizwa nini. Kwa hivyo majibu ya mtihani wa kwanza yanashuka karibu kwa kila mtoto, na mzazi anaangalia nini kimebadilika nyumbani, hakuna, anaangalia shuleni, ni mwalimu mpya. Mimi nawaambia siku hiyo ya mkutano, "Majibu ya kwanza yatashuka, msiwachape na msinichukie bado, kaeni na mtoto muulize alielewa swali vipi kwa Kiswahili." Yakitoka yameshuka, mzazi anasema si mwalimu alisema. Ukingoja mpaka yatoke ndio uelezee, hayo maneno hayo hayo yanasikika kama kisingizio.

Kitu kingine nafanya hakiko kwa hotuba, kiko kwa deski. Kutoka siku ya kufungua naangalia watoto wanne kila siku, naandika kitu kimoja nimeona kwa macho, ndani ya siku kumi na mbili nimemaliza wote 47. Siku ya mkutano kila mzazi anakalia deski ya mtoto wake na anapata kakaratasi kamekunjwa. Mmoja kiliandikwa, "Jumanne alivunja penseli yake kwa meno akampa jirani nusu." Mama yake alikisoma mara mbili akakiweka ndani ya kava ya simu. Naandika Kiswahili, na kama naona mtu anakigeuza geuza tu napita karibu namsomea polepole bila wengine kusikia. Mwaka mmoja niliandika "anaongea sana lakini ni mwerevu" nikidhani nimesifu, baba alisoma mpaka kwa "sana" akaishia hapo, jioni mtoto alipata taabu. Hiyo "lakini" niliitoa kabisa. Na kitu kizuri cha mtoto mmoja sikisemi mbele ya wote, wazazi wa wale wengine wako hapo wanangoja chao.

Kuna mwenye atasimama tu aseme, "Mwalimu huyu wangu wewe mchape, nimekupa ruhusa." Mwaka huu alikuwa baba mmoja kwa mlango. Usicheke naye ukadhani unajenga urafiki, wengine wote wanasikiza jibu lako. Nilimwambia hata ukinipa ruhusa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hainipi, na nikamwambia nitafanya nini badala yake: nitaongea na mtoto mara ya kwanza, mara ya pili nitakupigia tuongee sote watatu. Akasema sawa, hakufurahi sana, lakini mama wawili mbele yake waligeuka kuniangalia vizuri.

Ahadi weka chache. Kuna mwaka niliahidi ujumbe kwa grupu ya WhatsApp kila Ijumaa, ikafa wiki ya nne na hakuna mtu alinilaumu, ila nikisema kitu baadaye nilikuwa naona wanaitikia tu hivi. Hiyo ya kupiga siku hiyo hiyo naweza. Wiki mbili baada ya mkutano mtoto alianguka uwanjani akachubuka goti, kitu ya kuoshwa na maji na sabuni, nikampigia mama yake saa saba kasoro, hakushika, nikaandika ujumbe, saa kumi nikapiga tena. Akasema alikuwa sokoni kelele mingi, na kwani ni goti tu? Ndio, ni goti tu.

Shida yenye sijamaliza ni wale hawakuja. Wazazi 28 ndio walifika, wengine wako kazini na mkutano ni Ijumaa mchana, sasa hotuba nzuri ya kusemea nusu ya darasa itasaidia nini. Hao nawashika getini jioni wakichukua watoto, nusu dakika: jina, namba, saa zangu. Juzi baba mmoja wa boda alisimama na injini inanguruma, hata helmeti hakutoa, nikaanza kujitambulisha akanikata.

"Ni wewe ule wa saa kumi?"

Nikamwambia ndio.

"Jirani aliniambia. Nitakupigia kesho, kuna kitu ya huyu kijana nataka tuongee."